Kabla hujarudisha kwenye keni maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa

Kabla daktari wa mifugo hajachoma sindano, soma chupa. Usiulize "hii tunasubiri siku ngapi?" ukaridhika na jibu la kichwani. Geuza chupa, tafuta mahali palipoandikwa muda wa kusubiri, kisha soma mistari miwili, wa maziwa na wa nyama, kwa sababu mara nyingi haifanani. Chupa ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20 niliyo nayo kabatini inasema siku 7 kwa maziwa na 28 kwa nyama. Ya jirani yangu, dawa ileile lakini kutoka kiwanda kingine, inaweza kusema vingine. Fuata chupa iliyotumika, siyo uliyoizoea.

Siku huhesabiwa kuanzia dozi ya mwisho, siyo ya kwanza. Ukichoma Jumatatu, Jumanne na Jumatano, saa zinaanza kukimbia Jumatano. Lebo ikisema saa 96, kwa anayekamua asubuhi na jioni hiyo ni mikamuo minane ya kumwaga. Na daktari akiongeza dozi juu ya ile ya lebo, ile hesabu ya lebo imekufa. Mwambie akuandikie mpya kwa mkono wake, na iwe ndefu zaidi.

Ukiweka dawa kwenye chuchu moja, mwaga maziwa ya zote nne. Dawa hupita kwenye damu ikafika robo nyingine za kiwele. Watu wengi hapa kwetu hawaamini hili mpaka kipimo kiwaumbue.

Kuchemsha hakusaidii. Moto unaua vijidudu, hauondoi penisilini kwa kiasi cha kukuokoa. Usijidanganye pia kwamba maziwa yako yatapotea ndani ya mengi. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa penisilini kwenye maziwa ni maikrogramu 4 kwa lita. Piga hesabu mwenyewe: gramu moja tu ya penisilini inatosha kufikisha lita 250,000 kwenye ukomo huo.

Hayo ni ya kawaida, na mimi niliyajua yote. Kilichoniangusha ni dawa ya kukaushia, ile anayowekewa ng'ombe kwenye chuchu anapoachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa.

Nina ng'ombe wanne wa maziwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wanakula majani ya kukatiwa na migomba. Sisi majirani watano tunajaza keni moja ya lita 50 kila asubuhi, bodaboda anaipeleka kituo cha kukusanya maziwa. Kati ya ng'ombe wangu yuko mmoja tunamwita Sikujua, jina alilokuja nalo na ambalo sasa linanichoma. Alihimilishwa tarehe 5 Januari. Siku 21 baadaye, tarehe 26, akaonekana tena anapandwa na wenzake, nikamwita mhimilishaji akarudia. Kwenye kijitabu nikafuta tarehe ya kwanza, nikaandika ya pili. Hapo ndipo kosa lilipoanza, maana ng'ombe mwenye mimba naye wakati mwingine huonyesha joto.

Kwa tarehe ya pili, angezaa karibu na tarehe 3 Novemba. Nikarudi nyuma siku 60, nikamkausha tarehe 4 Septemba. Kila chuchu ikapata mrija mmoja wa dawa ya kukaushia. Dawa hii imetengenezwa ikae. Ile ya ng'ombe anayekamuliwa hutoka haraka, lakini ya kukaushia inakusudiwa ibaki kwenye kiwele wiki nyingi ikipambana na ugonjwa wa kiwele wakati hakuna anayekamua. Lebo ya mirija ile ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza: ng'ombe akizaa baada ya siku 49 au zaidi tangu kuwekewa dawa, subiri saa 96 baada ya kuzaa. Ya pili, kwa herufi za kuumiza macho: akizaa kabla ya siku 49, subiri siku 49 na saa 96 tangu siku ya dawa. Mimi niliisoma ya kwanza, nikatupa boksi.

Sikujua akazaa tarehe 13 Oktoba, ndama jike mzima kabisa. Niliona ni baraka kuzaa mapema. Kumbe hakuwahi hata kidogo, alizaa kwa mimba ya Januari 5. Tangu dawa zilikuwa zimepita siku 39 tu. Nikampa ndama dang'a, nikasubiri siku nne kama mtu mwadilifu, na asubuhi ya tarehe 18 nikamimina lita kumi kwenye keni ya watu.

Dalili ilikuwepo nyumbani kabla hata ya kituo. Maziwa ya jioni ya tarehe 17 mke wangu aliyatenga agandishe mtindi, akatia kianzio kama siku zote. Kesho yake asubuhi ndoo ilikuwa vilevile, maziwa mepesi, hayana hata harufu ya uchachu. Akaniambia, "Baba Neema, haya maziwa yamekataa." Nikalaumu baridi. Sasa nakuambia wewe: maziwa yakikataa kuganda na kianzio ni kizima, ulizia dawa kwanza, baridi baadaye. Bakteria wa mtindi wanakufa kwa dawa zilezile zinazoua bakteria wa kiwele.

Kituoni wana laktomita na spiriti kama kwingine, lakini asubuhi ile walichovya pia kijiti cha kupimia dawa. Kijiti kina mstari wa kulinganishia na mistari ya dawa. Maziwa yakiwa safi, mistari ya dawa hukolea. Yakiwa na dawa, mstari hufifia au hauonekani kabisa. Wetu haukuonekana. Keni ikarudi na bodaboda ikiwa imejaa, majirani wanne wakasimama barabarani wanatazamana. Hakuna aliyenitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye kijitabu, mimi ndiye ninayewafundisha wengine. Ilirudi siku ya pili. Siku ya tatu yule dada wa mapokezi akasema kila mtu alete chupa yake pembeni. Chupa nne zikatoa mistari. Yangu haikutoa.

Nilienda kufukua boksi la mirija kwenye shimo la taka, nikasoma ile sentensi ya pili nimechuchumaa hapohapo. Siku 49 na nne ni siku 53 tangu tarehe 4 Septemba, yaani tarehe 27 Oktoba. Nilikuwa nimewahi siku tisa kamili. Niliwalipa majirani maziwa yao ya siku tatu, lita 120 kwa shilingi 1,000, shilingi 120,000. Mmoja alikataa hela, akasema nimlipe kwa kumwonyesha jinsi ya kuandika. Huyo alinikera kuliko wote, lakini alikuwa na haki.

Kwa hiyo, kwenye kukausha: andika tarehe zote za kuhimilisha, usifute hata moja. Pima mimba, daktari akadirie umri wake, ndipo uamue siku ya kukausha. Ukishaweka dawa, andika tarehe tatu papo hapo: siku ya dawa, siku 49 zinapotimia (au idadi yoyote ambayo lebo yako imetaja), na siku maziwa yanaporuhusiwa endapo atazaa mapema. Bandika kipande cha boksi chenye lebo ndani ya kijitabu. Hela ya gundi haizidi hela ya keni.

Kijitabu chenyewe kisiwe cha kitaalamu mpaka kijana wa kazi akiogope. Changu ni daftari la shule. Kila mstari una namba ya hereni, ugonjwa, jina la dawa na namba ya toleo iliyo kwenye chupa, kiasi, nani alichoma, tarehe na saa ya dozi ya mwisho, kisha tarehe mbili za mwisho nimezizungushia duara: maziwa na nyama. Tarehe, siyo "siku saba". Mtu wa saa kumi na moja alfajiri mwenye tochi mdomoni hapigi hesabu.

Na daftari halikamui. Anayekamua ni kijana, na siku akiumwa anakuja ndugu yake ambaye hamjui Sikujua wala Malaika. Ndiyo maana ng'ombe aliyetibiwa afungwe utepe mwekundu miguu yote miwili ya nyuma, pale mkamuaji anapoinama. Shingoni hauonekani. Mguu mmoja hautoshi, utadondoka kwenye matope usijue. Anayeufunga ni yule anayechoma sindano, kabla ya kuchoma. Anayeufungua ni mmoja tu mwenye daftari. Huyo ng'ombe akamuliwe wa mwisho, ndoo yake na kitambaa chake, mikono ioshwe. Maziwa yake yaende shimoni mbali na kisima. Usiwape ndama wa wenzake wala usimpe kijana akanywe kwao "kwa kuwa si ya kuuza". Tumbo lake ni tumbo.

Upande wa nyama, hatari kubwa ni yule ng'ombe ambaye dawa imeshindwa. Umechoma siku tatu, hasimami, na mtu wa bucha yuko getini na hela mkononi anasema tuwahi kabla hajafa. Hapo ndipo dawa inapoingia sokoni. Mkaguzi wa nyama ataona uvimbe, nyama yenye rangi ya manjano, minyoo ya ini, lakini kisu chake hakioni oksitetrasaiklini. Chupa yangu ya penisilini na streptomaisini inasema siku 21 kwa nyama na 45 kwa figo, kwa hiyo hata ndani ya ng'ombe mmoja kiungo na kiungo havilingani. Amua mapema: ng'ombe mzee uliyepanga kumuuza, mwulize daktari kabla ya dozi ya kwanza kama inafaa kumtibu au kumchinja akiwa bado hana dawa na anafaa kwa kuliwa. Akishachomwa, tarehe ya nyama iheshimiwe, na akifa afukiwe.

Ukinunua ng'ombe mnadani, muulize muuzaji amechomwa nini na lini. Akisema "huyu hajawahi kuugua", usiamini. Mtenge maziwa yake, na kama kituo chako kina vijiti, omba apimwe peke yake kabla hujamwingiza kwenye keni. Dawa za minyoo nazo zina muda wa kusubiri, nyingine hazitakiwi kabisa kwa ng'ombe anayekamuliwa, na za kupe hivyohivyo, soma. Mbuzi wa maziwa usimkadirie kwa lebo ya ng'ombe. Dawa ya kupimiwa kwenye karatasi isiyo na lebo, iache hukohuko dukani.