Somo: Kupinga uamuzi wa kupandishwa cheo kwa kuanzia kwenye karatasi za alama

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa kaunti hapa Mombasa, mkaazi wa Likoni, alisailiwa kwa ajili ya cheo cha juu, na tarehe 3 Machi, siku ileile ya uamuzi, akapata barua ya kumweleza kwamba hakufaulu, bila sababu yoyote. Anahisi ameonewa, lakini hisia si hoja ya rufaa. Anachohitaji ni karatasi.

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi tangazo la nafasi, kwa sababu ndilo lililotaja sifa zilizotakiwa. Jopo likimnyima mtu alama kwa sifa ambayo tangazo halikuitaja, hapo pana hoja chini ya Kifungu cha 232 cha Katiba, kinachotaka uteuzi na upandishaji vyeo ufuate ushindani wa haki na sifa za mwombaji.

Hatua ya pili ni kuiandikia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa Kiswahili ukipenda, ukiomba vitu kwa majina yake: karatasi ya alama ya kila mjumbe wa jopo, majumuisho ya alama, na kumbukumbu za kikao kilichoamua. Ukiandika tu "nipeni taarifa za usaili", utajibiwa kwa barua ya aya mbili isiyokufaa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu, na wakikataa una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala ipitie uamuzi huo.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito: jumlisha mwenyewe. Wajumbe watatu walimpa karani wetu 74, 70 na 69, yaani 213, wastani wa 71. Majumuisho yanaonyesha 66, na aliyeteuliwa ana 68. Tofauti hiyo, ikiwa haikuelezwa popote katika kumbukumbu, inatosha kuwa msingi wa rufaa. Angalia pia alama zilizokatwa na kuandikwa upya bila saini, au karatasi zote zilizojazwa kwa mwandiko mmoja.

Hatua ya nne ni rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Muda ni siku 90 tangu uamuzi, na kwa karani wetu zinaisha tarehe 1 Juni. Kusubiri karatasi hakusimamishi hesabu hiyo; zikichelewa, wasilisha rufaa na ueleze uliziomba lini na kwamba hukupewa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Je, nitapewa alama za wenzangu pia?*

Marahaba. Omba alama zao majina yakiwa yamefichwa, kwani faragha yao inalindwa na sheria, nawe unachohitaji ni kulinganisha tu.

*Kwa nini nisiende moja kwa moja Mahakama ya Ajira, Bwana?*

Kwa sababu Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 2017 kwamba njia ya kifungu cha 77 itangulie. Wengi wamepoteza mwaka mzima na ada ya wakili kwa kuiruka.

*Mimi siku 90 zimepita. Basi ndiyo mwisho?*

Si lazima, Bi. Tume inaweza kupokea rufaa iliyochelewa ikiwa mazingira yanastahili, kwa hivyo ambatisha barua zinazoonyesha kilichokuchelewesha. Ila ujue kwamba hata ukishinda, huenda ukapata usaili wa kurudiwa na wala si cheo chenyewe.