Kabla hujaongeza kilomita, angalia choo chako

Mazoezi husaidia tumbo kusukuma choo, ndiyo maana mkimbiaji akifunga choo hushangaa. Mwenzetu mmoja wa mbio za alfajiri Dar es Salaam, akijiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, alifika mahali akawa anapata choo mara mbili tu kwa wiki, tena kigumu kama cha mbuzi. Alikuwa anatoka saa kumi na moja bila kunywa kitu, akirudi anaoga na kuwahi daladala. Chakula chake cha kwanza kilikuwa chipsi, saa nane mchana.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza mbio, panga kwanza kifungua kinywa. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huanza kusukuma, na asubuhi ndipo msukumo huo huwa na nguvu. Haja ikikujia ukiwa kwenye daladala utaibana. Choo kikikaa, utumbo unazidi kufyonza maji yake hadi kikauke, na ukizoea kubana, hata ile hisia ya haja hufifia. Mwenzetu alifupisha mbio za siku za kazi kwa nusu saa. Akirudi alikunywa uji, akala papai, kisha akakaa chooni dakika kama kumi bila kujikamua, miguu juu ya kigoda. Mwenye choo cha kuchuchumaa hahitaji kigoda.

Maji usiyakisie. Jipime uzito kabla na baada ya mbio: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Yeye alikuwa anapoteza kilo moja na nusu, halafu anakunywa glasi moja ya chai. Rudisha maji hayo kidogo kidogo hadi mkojo uwe wa njano iliyopauka.

Maji yakishakaa sawa ndipo uongeze nyuzinyuzi, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukuzidishia ugumu. Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 kwa siku, na kikombe cha maharage yaliyopikwa humpa zaidi ya 10. Badili sembe kwa dona wiki hii, maharage ya kila siku yafuate wiki ijayo. Ukiyaanza yote kwa pamoja tumbo litajaa gesi. Mwenzetu alianza kupata choo laini wiki ya tatu. Siku moja au mbili kabla ya mashindano alirudi kwenye wali mweupe na kuacha maharage, asije akatafuta choo njiani.

Kama unameza vidonge vya madini ya chuma au dawa ya maumivu yenye kodeini, mweleze mfamasia, maana hizo hufunga choo. Ukiona damu, uzito ukipungua bila sababu, au tumbo likijaa na kuuma huku unatapika na hata hewa haitoki, usinunue dawa ya kufungua choo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.