Kugandisha yogati nyumbani Dodoma: joto la usiku ndilo linalosumbua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu wa Nkuhungu. Yogati yake ilikuwa inaganda vizuri tangu Oktoba, lakini ilipofika Julai ikaanza kukataa. Asubuhi alikuwa anakuta maziwa mazito kidogo, yanavutika kama uji mwepesi, na ladha haieleweki. Alibadilisha maziwa, akabadilisha mbegu, yaani yogati kidogo ya kuanzishia, hali ikawa ileile. Hapa natumia lita 3 za maziwa, kiasi tulichofanya naye.

1. Vifaa

Maziwa fresh lita 3, yogati isiyo na sukari wala ladha vijiko 6 vya chakula, sufuria nzito, beseni, mitungi ya kioo yenye vifuniko, na deli la barafu lenye mfuniko unaobana. Kipimajoto kiwe cha jikoni kinachofika nyuzi 100. Kile cha kupimia homa hakifai, kwa sababu kinaishia nyuzi 42, pale hasa unapokihitaji.

Kwenye kopo la mbegu soma kama vijidudu vyake ni hai. Usitumie mtindi wa kienyeji. Vijidudu vya mtindi hufanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba, vya yogati vinataka zaidi ya nyuzi 40. Ukiutumia kama mbegu hupati yogati.

2. Kuchemsha

Pasha maziwa hadi nyuzi 85, kisha punguza moto na uyashikilie hapo dakika 30, ukikoroga hadi chini ili yasishike. Ukiwa na haraka, nyuzi 90 kwa dakika 10 zinatosha. Wengi wakiona yanafura wanaepua, wakidhani kazi ni kuua vijidudu tu. Zile dakika za kushikilia ndizo zinazoleta uzito: protini za kwenye maji ya maziwa hulegea na kujishika na zile zinazoganda, na yogati inashika maji yake badala ya kuyaachia. Kwa hiyo sioni haja ya kuongeza unga wa mahindi wala unga wa maziwa.

Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Usisubiri kipimajoto kisome 100, hakitafika.

3. Kupoza

Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, funika na kitambaa safi kwa sababu ya vumbi, koroga mara kwa mara hadi nyuzi 45. Toa utando wa juu. Yakiwa juu ya nyuzi 50 usiweke mbegu, utaiua.

4. Mbegu

Vijiko 2 kwa lita. Ivuruge kwanza kwenye kikombe cha maziwa hayohayo ya vuguvugu hadi mabonge yaishe, ndipo umimine na kukoroga polepole. Usizidishe ukidhani itaganda haraka. Mbegu nyingi huleta uchachu mkali, chembechembe na maji mengi juu.

5. Kulaza kwenye joto

Hapa ndipo jirani alipokwama, na ndipo Dodoma inapotofautiana na Dar es Salaam. Yogati inataka nyuzi 42 hadi 44 kwa saa 5 au 6. Ikiwa kwenye 38 hadi 40 itaganda pia, lakini itachukua saa 8 hadi 10. Chini ya hapo vijidudu vinazidi kuzubaa.

Jirani alikuwa anafunga sufuria kwa kanga mbili na kuiweka kwenye sakafu ya saruji. Oktoba nyumba ina joto, kwa hiyo sufuria ilipoa taratibu na maziwa yakawahi kuganda. Usiku wa Julai upepo unapita chini ya mlango na sakafu inanyonya joto. Tulipima: saa tatu usiku maziwa yalikuwa nyuzi 43, saa sita yalikuwa 32. Akaniuliza, "Kwa hiyo dada, mbegu haikuwa na kosa?" Haikuwa na kosa, ilikosa joto kabla kazi haijafika nusu.

Watu hupendekeza kuongeza mablanketi. Mimi silipendi hilo kwa kipindi hiki, kwa sababu blanketi linapunguza tu kasi ya kupoa, halileti joto jipya. Ninachokiamini ni maji ya moto ndani ya deli, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza suuza mitungi kwa maji ya moto. Maziwa ya nyuzi 45 yakiingia kwenye kioo cha baridi yanashuka nyuzi kadhaa papo hapo, na utakuwa umeanza ukiwa nyuma. Jaza, funika, panga ndani ya deli. Kisha changanya kwenye ndoo sehemu 1 ya maji yanayochemka na sehemu 2 za maji ya bomba. Asubuhi ya Julai maji ya bomba yakiwa nyuzi 18, mchanganyiko unatoka karibu 44. Oktoba yakiwa 27, uwiano uleule unakupa 50, yaani moto mno. Kwa hiyo usikariri uwiano, pima kila mara, na uongeze maji baridi au moto hadi usome 45. Mimina ndani ya deli hadi kwenye shingo za mitungi, funga mfuniko, na uweke deli juu ya kigoda au gunia lililokunjwa, lisiguse saruji.

Baada ya saa 3 fungua upesi, pima maji tu. Yakiwa chini ya 40, toa jagi moja na uongeze maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, ukimiminia pembeni mbali na mitungi ili kioo kisipasuke. Mitungi yenyewe usiitikise wala usiikoroge, kwa sababu donge likivunjwa likiwa changa haliungani tena. Ndiyo maana ninapendelea kulaza asubuhi: saa mbili unafunga, saa nane mchana unafungua, na huamki usiku kupima.

Utajua imeiva ukiinamisha mtungi kidogo: donge linaachana na kioo kwa pamoja, na pembeni panaonekana maji safi ya kijani-njano. Ukiacha zaidi inazidi uchachu.

Kama asubuhi umekuta haijaganda, onja kidogo baada ya kunusa. Ikiwa imeanza uchachu safi, irudishe kwenye maji ya nyuzi 44 kwa saa 3, mara nyingi itamalizia. Ikiwa bado ina utamu wa maziwa baada ya kulala vuguvugu usiku kucha, mwaga. Hakuna asidi iliyokuwa inazuia vijidudu vibaya. Mwaga pia ikiwa inanuka vibaya au ina mapovu. Na kama joto lilikuwa sawa muda wote na mbegu ni nzima, muulize mwenye ng'ombe kama alimtibu hivi karibuni: dawa za antibayotiki za ugonjwa wa kiwele zikibaki kwenye maziwa huua mbegu.

6. Friji

Ipoze kwenye friji angalau saa 8 kabla ya kula. Vijiko 6 vya mbegu ijayo vitoe kwa kijiko safi kabla mtu hajagusa, uvitumie ndani ya wiki moja. Baada ya mizunguko minne au mitano nunua mbegu mpya.