Kubadili uso kwenye video: kabla ya kugredi au baada?

Rafiki yangu anayeongoza filamu fupi aliniletea klipu ya sekunde 11. Bodaboda inakuja kasi chini ya miembe, na aliyeiendesha si mwigizaji mkuu bali kijana mwingine anayejua pikipiki. Wote wawili walikuwa wamekubali kwa maandishi uso wa mwigizaji uwekwe juu ya ule wa dereva. Mhariri wa kwanza alishaifanya kazi, lakini mwigizaji alipoitazama aliuliza, "Kaka, hii shingo ni ya nani?"

Uso ulikuwa na joto la kahawia, shingo ina kijani cha baharini. Mhariri alikuwa amegredi kwanza, akaweka luku ya vivuli vya kijani-bluu, ndipo akabadili uso. (Luku ya mwonekano nasema, si ya umeme.) Programu za kubadili uso zimejifunza kwa picha za kawaida, ngozi ikiwa na rangi yake ya kawaida. Ukizipa picha yenye vivuli vya kijani, huo kijani zinaurudisha nusu nusu, na mpaka unaonekana palepale chini ya taya. Tena mkurugenzi akibadili mawazo kuhusu luku, fremu zote 275 zinarudiwa.

Wengine husema basi badili uso kwenye logi, kabla ya kugusa chochote. Hapana. Picha ya logi ni ya kijivu na haina kina, na kila mara dereva alipopita kwenye kivuli cha mwembe programu ilikuwa inaupoteza uso, macho yanaruka.

Jibu langu ni katikati. Kugredi ni kazi mbili: kurekebisha, yaani kuirudisha picha kwenye hali ya kawaida, na kuweka luku. Uso unabadiliwa baada ya ya kwanza na kabla ya ya pili. Natumia DaVinci Resolve. Hata ukitumia programu nyingine mpangilio ni huohuo.

Hatua ya 1: Rekebisha tu

Klipu ilipigwa kwa S-Log3. Weka nodi ya Color Space Transform kwenda Rec.709, Gamma 2.4, na kabla yake nodi ya mwangaza na weupe. Ishia hapo. Usiweke chembechembe, mng'ao wala giza la pembeni. Kama futeji ina kelele, zisafishe sasa.

Hatua ya 2: Toa picha, si video

Renda kama mfululizo wa TIFF, biti 16. Hesabu mafaili: sekunde 11 kwa fremu 25 ni 275.

Hatua ya 3: Badili uso

Hii unaijua. Ninachosisitiza ni kuzima kipengele kinacholinganisha rangi kwa kila fremu peke yake. Kivuli cha jani kikipita shavuni, kinapiga hesabu upya na uso unaanza kupepesa kama taa mbovu. Kulinganisha rangi utafanya mwenyewe, mara moja.

Hatua ya 4: Hakikisha njia ya kwenda na kurudi haichafui rangi

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Uso ulirudi na wekundu kidogo, nikahangaika kuusahihisha kwa mkono, na kila nikirekebisha shavu midomo inaharibika. Kosa halikuwa kwenye uso kabisa. Lilikuwa kwenye kugeuza picha zilizotoka kwenye programu ya uso kuwa video ya kurudisha Resolve.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kubadili uso wowote, napitisha fremu chache njia nzima bila kubadili chochote. Zikirudi naziweka juu ya klipu iliyorekebishwa, kwenye Inspector nachagua Composite Mode ya Difference, kisha juu yake naweka Adjustment Clip na kupandisha Gain hadi mwisho. Kama njia ni safi, skrini inabaki nyeusi, labda na vumbi hafifu la kelele. Isipobaki nyeusi, itazame vizuri, maana kila kosa lina sura yake.

Ukiona palipo peusi na palipo peupe pamegeuka kijivu, huku sehemu za mwangaza wa kati zikibaki nyeusi, ni tatizo la viwango. Upande mmoja unasoma 0 hadi 255, mwingine 16 hadi 235. Bofya klipu kwa kitufe cha kulia, fungua Clip Attributes, na ubadilishe Data Levels kutoka Auto kwenda Full au Video mpaka skrini iwe nyeusi.

Ukiona vitu vyenye rangi tu ndivyo vinang'aa, kwetu ilikuwa helmeti nyekundu na majani, huku lami ya kijivu ikiwa nyeusi kabisa, basi hesabu za rangi zimechanganywa: video imeandikwa kwa Rec.601 na inasomwa kama Rec.709. Hilo ndilo lililonipata mimi. Ffmpeg ikigeuza picha kuwa video bila kuelekezwa inaweza kutumia hesabu za zamani, kwa hiyo itajie kila kitu:

```
ffmpeg -framerate 25 -i uso_%05d.png \
 -vf scale=out_color_matrix=bt709:out_range=tv,format=yuv422p10le \
 -c:v prores_ks -profile:v 3 -colorspace bt709 \
 -color_primaries bt709 -color_trc bt709 uso.mov
```

Na ukiona mistari ya kingo za vitu tu, kama kivuli cha pili, klipu imesogea fremu moja au ukubwa wake haulingani. Isogeze kwanza, ndipo uhukumu rangi.

Kama programu yako inatoa picha, usiitengeneze video kabisa. Ingiza mfululizo wenyewe kwenye Resolve na utakuwa umeepuka nusu ya haya. Zile zinazotoa mp4 pekee mimi sizipendi.

Hatua ya 5: Chukua uso peke yake

Klipu ya asili na nodi zake za marekebisho ibaki V1. Uso ukae V2, umezungushiwa maski yenye kingo laini inayomfuata dereva. Usiuwekee tena Color Space Transform, ulishapita huko. Hivi mandhari yote inabaki na ubora wa kamera, na kilichopitia programu ni uso tu.

Sasa fungua Parade, linganisha ngozi ya taya na ya shingo. Anza na vivuli, kisha mwangaza wa kati. Kwangu ilitosha kushusha nyekundu kidogo vivulini.

Hatua ya 6: Luku moja juu ya vyote

Usinakili luku kwenye V1 na V2 kila moja kivyake. Ukifanya hivyo, luku inapita kabla tabaka hazijaungana, na ukingo laini wa maski unaweza kuacha utepe wa rangi tofauti. Chagua zote mbili, New Compound Clip, ziwe klipu moja. Kisha iingize kwenye Group pamoja na klipu nyingine za tukio hilo, na luku iweke Group Post-Clip tu. Chembechembe nazo zikae hapo, mwisho, zifunike uso na shingo kwa pamoja.

Ukitaka kupunguza ukali, shusha Gain ya Key Output ya nodi ya luku. Mkurugenzi wangu alibadili luku mara tatu jioni ileile, na uso haukuguswa tena.

Kama umeletewa faili lililokwisha kugrediwa

Hapo huna ujanja, utabadili uso juu ya luku. Usijaribu kuivua luku kwa kuigeuza kinyume. Vivuli vilivyokwisha kuzama kwenye weusi havirudi. Badili uso, kisha ulinganishe vivuli vyake na shingo kama Hatua ya 5, na ongeza chembechembe usoni peke yake kwa sababu sehemu nyingine tayari inazo. Kabla ya kukubali kazi hiyo, mwombe mteja futeji ya asili mara moja zaidi. Nyingi huwa zipo kwenye diski ya mtu.