Somo: Mteja wa jumla akikuletea picha ya "yule anauza mtandaoni chini ya bei yetu"

Nipo Mombasa, nasambaza mafuta ya nywele, chupa ya mililita 250. Duka linachukua kwangu kwa shilingi 420, na tulielewana mtu asishuke 600. Asubuhi moja mteja wa Kisauni akanitumia picha: mafuta hayohayo, 499. "Sasa mimi nitamuuzia nani?"

1. Pokea, usiahidi. Ulimi utataka kusema "huyo nitamkomesha". Uzuie. Niliandika: "Habari za asubuhi, mama. Nimeiona, pole. Nitumie linki nikague mzigo wenyewe, nitakujibu kesho kabla ya saa sita."

2. Nunua chupa moja. Picha hudanganya. Ingekuwa ya mililita 200 kwa 499, kila mililita ingegharimu karibu 2.50, na yetu ya 600 ni 2.40, wa mtandaoni ndiye angekuwa ghali. Niliyoletewa ilikuwa 250 kweli. Namba ya bechi ilikuwa yangu, ila muda wake ulibakiza miezi miwili. Jamaa anamaliza stoki.

3. Rudi kwenye yale "makubaliano". Hapa ndipo nilipojikuta na kosa mimi. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inamkataza msambazaji kumwekea muuzaji bei ya chini kabisa ya kuuzia. Kupendekeza bei ruksa, mradi muuzaji ajue wazi ni pendekezo, na ukiibandika kwenye bidhaa, maneno "bei inayopendekezwa" yawe kando yake. Mimi ile 600 nilikuwa nimeiandika kama sharti kwenye fomu ya oda! Niliifuta, nikawajulisha wateja wote kwa maandishi.

4. Jibu sasa. "Mama, nimekagua. Ni mafuta yetu halisi, ila muda wake unakaribia kuisha. Ya kwako ni ya mwakani. Bei ya duka la mtu siwezi kumpangia, na wewe pia sikupangii, 600 ni pendekezo tu. Oda hii nakuongezea siku 14 za kulipa." Sikumtajia muuzaji ni nani wala ananunua kwangu kwa ngapi.

Maswali ya wanachama

*Nikimnyima mzigo yule wa mtandaoni kimyakimya?*
Ukimnyima siku mbili baada ya malalamiko, na simu yako imejaa meseji za bei, sababu itasomeka yenyewe. Kama ana deni sugu au anauza vilivyopita muda, hiyo ni sababu nyingine, iandike.

*Kwa nini usimshushie mama hadi 380?*
Wengine wangesikia kabla ya jioni. Halafu piga hesabu: tuseme jukwaa linamkata yule asilimia 10. Kwenye 499 anabaki na 449, akitoa 420 ni shilingi 29, na bado hajanunua boksi. Hapo hakai sana.

*Wateja wangu watatu wamekubaliana wenyewe wasishuke 600, wanataka mimi niwasimamie.*
Kataa leo hii, kwa maandishi, na utoke kwenye hilo grupu. Hao ni washindani wanaopanga bei, nawe utahesabiwa mwenzao.