Betri ya maji: pima kabla ya kuongeza

Wenye betri za maji kwenye sola, kabla hujafungua chupa ya maji ya betri, ichaji kwanza hadi ijae, kisha iache itulie saa chache. Chaji hupandisha maji, kwa hiyo ukijaza mapema asidi itafurika juu ya betri. Ila ukikuta sahani za risasi zilizo ndani zimeachwa wazi, weka maji ya kuzifunika tu, uchaji, ndipo umalizie mpaka chini kidogo ya shingo ya tundu. Maji yawe yale safi yasiyo na madini. Ya bomba hapana, na asidi usiongeze, maana kinachopungua ni maji.

Haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, itumie kabla ya kuongeza, kwani maji mapya hukaa juu na kukudanganya. Vaa miwani. Seli iliyojaa chaji husoma karibu 1.265. Ukipata seli tano kwenye 1.260 na moja 1.200, hiyo moja ina hitilafu. Lakini zote sita zikigoma kwenye 1.220 baada ya chaji ya kutwa nzima, shuku salfeti imeanza kugandia sahani. Dalili nyingine: volti hupanda haraka, betri hutokota mapema na kupata joto, halafu usiku taa hufifia upesi.

Ikiwa bado mapema, chaji ndefu ya kusawazisha seli, pahali penye hewa, huweza kuirudisha. Sahani zikishakuwa nyeupe kwa ukoko mgumu, mimi nisingepoteza umeme.