Alipendekeza niende: kusahihisha "He suggested that I am going early" kwa sentensi moja

Sentensi hii naikuta mara kwa mara kwenye meseji za vijana wanaotembeza wageni hapa Bagamoyo: "He suggested that I am going early." Aliyeiandika anataka kusema kwamba nahodha alimshauri awahi kuondoka, kwa sababu ufukwe wetu ni tambarare na maji yakishatoka boti hubaki imekaa mchangani. Lakini mgeni anayekijua Kiingereza akiisoma hapati ushauri wowote. Anaelewa kwamba nahodha alidokeza kuwa huyu kijana ndiyo anaondoka mapema. Ushauri umegeuka habari.

Masahihisho yake yanaingia kwenye sentensi moja, na ndiyo ninayowapa wanafunzi wangu: Kiswahili kikisema "niende", Kiingereza kinasema "I go". Kwa hiyo:

```
He suggested that I go early.
```

Ili sentensi hiyo ikufae hata pale ambapo mwalimu hayupo, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Iseme kwa Kiswahili, kisha kitazame kitenzi cha pili

"Alipendekeza niende mapema." Hakuna Mswahili atakayesema "alipendekeza ninakwenda mapema", sikio linakataa hata kabla hujajua sababu. Sababu yenyewe ni kwamba "niende" haina alama ya wakati. Hamna -na-, hamna -li-, hamna -ta-. Ipo nafsi, halafu mzizi. Jambo linaloshauriwa bado halijatendeka, basi halina wakati wake. Kiingereza nacho, baada ya suggest, insist na recommend, hukiacha kitenzi bila alama, kikabaki kama kilivyoandikwa kwenye kamusi.

Wengi wamezoea kuitafuta ile -e ya mwisho. Inasaidia, ila haitoshi. Vitenzi kama rudi, jaribu na fikiri havibadiliki mwishoni: tunasema "alipendekeza nirudi", wala hakuna -e. Ukiisubiri hiyo utapotea. Mimi nasisitiza watu watazame katikati ya kitenzi: alama ya wakati ikikosekana, umefika mahali penyewe.

Hatua ya 2: Kivue kitenzi cha Kiingereza

Katika "am going", am imebeba nafsi na wakati, na -ing imebeba maana ya jambo linaloendelea. Ondoa zote mbili, inabaki go. Ile suggested ni ya wakati uliopita, lakini haiiburuzi go kuwa went, kama vile "alipendekeza" isivyoifanya "niende" kuwa "nilikwenda".

Palipo na am, is au are peke yake, umbo la kamusi ni be: "He suggested that I be ready." Wanafunzi huiogopa sana hii kwa sababu inasikika ngeni, lakini ndiyo sahihi, na Kiswahili chake ni "niwe tayari". Kwa kukanusha, not hutangulia kitenzi bila do wala does: "He suggested that I not go", yaani nisiende.

Hatua ya 3: Jipime kwa kuweka she mahali pa I

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoonyesha kama mtu ameelewa. "I go" hufanana kabisa na wakati uliopo wa kawaida. Mwanafunzi anaweza kuandika "He suggested that I go" akidhani ameweka wakati wa kila siku, nawe usigundue. Mwambie abadilishe mtu. Akiandika "He suggested that she goes early", ujue bado anatumia wakati uliopo na ile I ilimficha. Anapaswa kuandika:

```
He suggested that she go early.
```

Hapo huwa wananiuliza, "Mwalimu, ile s ya she imekwenda wapi?" Ile s ni alama ya wakati uliopo, na tumeshakubaliana kwamba hapa hakuna wakati. Kiswahili nacho kinasema "aende", si "anakwenda".

Kweli, utawasikia Waingereza wengine wakisema "that she goes" katika mazungumzo, na wengi wao hupenda kuongeza should: "He suggested that she should go early." Hiyo ya should ni sahihi, na kama be inakukwaza unaweza kuitumia bila wasiwasi. Usichoweza kuandika ni "He suggested me to go". Suggest haikubali mpangilio huo kabisa.

Hatua ya 4: Ukikutana na insist, uliza kama ni dai au agizo

Kitenzi hiki kina kazi mbili, na hapa kanuni ikitumiwa kwa kukariri inaharibu. Chukua mlinzi wa hoteli ya ufukweni. Akisisitiza kwamba mgeni yumo ndani, anadai jambo ambalo kwake ni kweli, na wakati unabaki: "The guard insisted that the guest was inside." Akisisitiza mgeni awemo ndani, anatoa agizo, na wakati unaondoka: "The guard insisted that the guest be inside."

"Yumo" na "awemo" zimekutenganishia kazi mbili ambazo Kiingereza kimezibebesha kitenzi kimoja. Suggest nayo iko hivyo: ikiwa na maana ya kudokeza au kuashiria, wakati unabaki. Recommend haisumbui, maana siku zote hupendekeza jambo la kutendwa.

Meseji nzima, tuisahihishe

Kijana mmoja aliniletea hii kabla hajawatumia wageni wake:

```
The captain suggested that I am going early.
He insisted that the guests are at the beach before six.
My boss recommended that we don't carry big bags.
```

Nilimwambia aniambie kwa Kiswahili kwanza. Akasema: nahodha alipendekeza niende mapema, alisisitiza wageni wawe ufukweni kabla ya saa kumi na mbili, bosi alipendekeza tusibebe mabegi makubwa. Niende, wawe, tusibebe: zote tatu hazina alama ya wakati, basi zote tatu zinavuliwa.

Sentensi ya pili ndiyo iliyokuwa na hatari zaidi. Kama ilivyo, mgeni angeelewa kwamba nahodha anashikilia kuwa wageni huwa wameshafika ufukweni kabla ya saa hiyo, na yeye angeendelea kunywa chai yake hotelini huku maji yanatoka. Ilihitaji be. Ya tatu ilihitaji not badala ya don't:

```
The captain suggested that I go early.
He insisted that the guests be at the beach before six.
My boss recommended that we not carry big bags.
```

Kisha nikamwomba aweke she mahali pa I na mahali pa we. Kwenye ya kwanza aliandika go bila kusita. Kwenye ya tatu akaandika "she doesn't carry", akaitazama, akajisemea "asibebe", akafuta, akaandika "she not carry".